Orodha ya mashamba ya Rungwe iliyofutwa badala ya ramani: uchambuzi wa kisa kimoja

Kisa hiki kilinifikia mezani kwangu Mwanjelwa, jijini Mbeya, mahali ninapotengeneza simu, asubuhi moja ya msimu wa maparachichi. Mama mmoja anayenunua maparachichi kwa wakulima wa Rungwe na kuyapeleka kwenye ghala la kukusanyia alikuja na simu mbili mkononi, ya zamani na mpya, akiwa amekwisha kupigiwa mara tatu na dereva wake aliyekwama Uyole. Dereva alikuwa na gari tupu kwenye njia panda ya kwenda Tukuyu, na katika simu yake orodha ya mashamba aliyoizoea haikuwepo tena.

“Shikamoo mama,” nilimwambia, naye akaitikia marahaba kisha akasema jambo ambalo ndilo kiini cha habari yote hii: “Mwanangu, jana usiku nimefuta ramani ili simu ipate nafasi. Nafasi haikuongezeka hata kidogo, na leo dereva hana mashamba.”

Katika sentensi hizo mbili utambuzi wa tatizo ulikuwa umekwisha kukamilika, ingawa yeye mwenyewe hakujua. Mtu akifuta maeneo ya ramani yaliyopakuliwa, nafasi ya simu huongezeka na simu ya mtu mwingine haiguswi. Akifuta orodha ya mahali palipohifadhiwa, nafasi haibadiliki kwa kiasi cha kuonekana, na athari yake huenea hadi kwenye simu nyingine zote zinazoitumia orodha hiyo. Mama alikusudia kufanya la kwanza, akafanya la pili.

Nieleze kwanza mpangilio wa kazi yake, kwa sababu bila huo hasara haieleweki. Simu ya zamani ina kumbukumbu ya GB 32, na ilikuwa imejaa kiasi cha kukataa kupiga picha za mizani. Kwa kuwa amenunua simu mpya, aliamua ile ya zamani ibaki ghalani Tukuyu, mikononi mwa mpwa wake, ikiwa na laini ileile ambayo wakulima wanaifahamu. Kwa sababu hiyo hakutaka kuirudisha simu katika hali ya kiwandani, njia ambayo ingefuta kila kitu kwa mara moja. Picha za mizani na mazungumzo na wakulima vilitakiwa kubaki. Kilichotakiwa kuondoka ni ramani kubwa alizopakua kwa ajili ya safari zake, pamoja na alama za mahali pake binafsi, ikiwemo nyumba yake, ambazo hakuona sababu ya kumwachia kijana na yeyote atakayeishika simu hiyo ghalani.

Programu aliyokuwa akiitumia ni Google Maps, na maelezo yangu yote hapa yanaihusu hiyo, katika simu ya Android ambayo lugha yake imewekwa Kiingereza, kama zilivyo nyingi zinazofika mezani kwangu. Ndani ya programu hiyo kuna hifadhi mbili ambazo kwa macho ya mtumiaji zinafanana, kwa kuwa zote mbili huonekana juu ya ramani ileile, lakini zinakaa mahali tofauti kabisa.

Hifadhi ya kwanza ni ya maeneo yaliyopakuliwa, ambayo kwenye skrini huitwa `Offline maps`. Mtu huchora mstatili juu ya ramani, tuseme kuanzia Mbeya mjini hadi Kyela, na simu hushusha barabara, majina na taarifa za mahali palipo ndani ya mstatili huo ili ziweze kutumika pasipo mtandao. Data hiyo inakaa ndani ya simu yenyewe, au kwenye kadi ya kumbukumbu kama mtumiaji alichagua hivyo. Ndiyo inayokula nafasi. Simu nyingine ya mtu huyohuyo, hata kama inatumia akaunti ileile, haiipati mpaka naye aipakue huko.

Hifadhi ya pili ni ya mahali palipohifadhiwa: vipendwa, nyota, orodha alizozitunga mtu mwenyewe, na alama za nyumbani na kazini. Hizi zinakaa kwenye akaunti ya Google, na simu ni dirisha la kuzitazamia tu. Mahali pamoja palipohifadhiwa ni jina, pengine maelezo mafupi, na nukta ya latitudo na longitudo; ukiwa na mahali mia moja bado hujafikia uzito wa picha moja ya simu. Na kwa kuwa kila simu yenye akaunti hiyo inatazama kitu kilekile, ukikiondoa kwenye dirisha moja umekiondoa kwenye yote.

Mama alikuwa na orodha yenye nukta 14, kila moja ikiwa shamba au kituo cha kukusanyia matunda kando ya njia za Rungwe na Busokelo. Mashamba hayo hayana anwani. Hayapo kwenye ramani kwa jina, na wengi wetu tuliotembea Mwakaleli au Kandete tunajua kwamba maelezo ya mdomo, “pita kanisa, ukifika kwenye migomba pinda kushoto,” yanafaa kwa aliyewahi kufika, wala si kwa dereva mpya wakati wa mvua. Kwa hiyo kila alipofika shamba jipya alibonyeza skrini kwa muda mahali aliposimama, alama ikadondoka, akaihifadhi katika orodha na kuandika pembeni jina la mkulima na idadi ya makreti. Orodha hiyo akaishirikisha kwa kiungo kwa madereva wake wawili. Ilikuwa kumbukumbu ya biashara ya misimu miwili, na haikuwa na nakala popote.

Usiku ule alifungua sehemu ya mahali palipohifadhiwa, akaona orodha yenye jina la Rungwe, akagusa nukta tatu zilizo kando yake, akachagua kuifuta na kuthibitisha. Kosa hilo naliona kila baada ya muda, na sioni kwamba linatokana na uzembe. Mtu anayetaka kuondoa “ramani ya Rungwe” anakutana na kitu kilichoandikwa Rungwe, ndani ya programu ya ramani, chenye amri ya kufuta. Neno limelingana na nia yake. Kinachoweza kumshtua ni kimoja tu: orodha ya mahali haionyeshi ukubwa kwa MB, ila huonyesha idadi ya mahali palipomo, ilhali eneo lililopakuliwa huonyesha MB pamoja na tarehe ambayo muda wake utaisha. Pasipo MB, hapana nafasi ya kuokoa. Nimekuwa nikiwaambia wateja wangu waitafute alama hiyo kabla kidole hakijagusa amri ya kufuta, na sijaona alama nyepesi kuliko hiyo.

Orodha iliyofutwa kwa njia hii haiendi kwenye kikapu cha taka ambamo mtu angeweza kuirudisha baadaye. Na kwa kuwa mama ndiye aliyekuwa mwenye orodha, madereva waliokuwa wakiifuata walibaki bila kitu. Hali ingekuwa tofauti kama aliyefuta angekuwa dereva: mtu anayeifuata orodha ya mwenzake akijiondoa, anajiondoa yeye peke yake. Lakini aliyepewa ruhusa ya kuhariri akiondoa shamba moja ndani ya orodha, shamba hilo limetoweka kwa wote. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kufuta orodha yoyote ni kujua orodha hiyo ni ya nani na nani mwingine anaitegemea.

Tulianza na uokoaji, kwa sababu gari lilikuwa barabarani. Jambo la kwanza nililouliza ni kama simu mpya ilikuwa imeunganishwa na mtandao tangu jana usiku. Alijibu kwamba bando lilikuwa limeisha jioni na hakuwa amelijaza. Nilimwomba asilijaze, nikaiweka simu katika hali ya ndege na kuifungua programu. Alama zilikuwa bado zimesimama juu ya ramani, kwa kuwa simu hiyo haikuwa imepata habari kwamba orodha imefutwa. Tulizisogelea moja baada ya nyingine, tukapiga picha za skrini, na pale ambapo namba za latitudo na longitudo zilionekana tukaziandika kwenye daftari. Tulipata tisa. Nne nyingine alama zake zilionekana, lakini tulipozigusa hazikufunguka bila mtandao, kwa hiyo tulipiga picha ya ramani ikiwa imekuzwa kadiri ilivyowezekana ili barabara na mto vilivyo jirani vionekane. Nisisitize kwamba huu ulikuwa mlango uliobaki wazi kwa bahati. Bando lingejazwa kabla hajaja kwangu, simu ingejisawazisha na akaunti na alama zingeondoka zote.

Njia ya pili ilikuwa mazungumzo ya WhatsApp na madereva. Mashamba kadhaa mama alikwisha kuyatuma kama kiungo cha ramani siku alipoyasajili, na kiungo cha namna hiyo hubeba nukta yenyewe bila kujali kama orodha ipo au haipo. Katika zile nne zenye utata, tatu zilipatikana humo. Njia ya tatu ni kumbukumbu za shughuli za akaunti katika anwani ya myactivity.google.com, ambako, kama mtumiaji hakuzima utunzaji wa kumbukumbu hizo, huonekana safari alizoomba kuelekezwa. Tuliitazama tulipokwisha kuwasha data, na humo tukapata ya nne. Jumla ikawa nukta 13 katika 14. Zile tatu za WhatsApp zilitosha kumwondoa dereva pale Uyole, kwa sababu mbili kati yake ndizo zilizokuwa zamu ya siku hiyo.

Mpaka hapo kazi aliyotaka mama ilikuwa haijaanza. Simu ya zamani ilikuwa bado imejaa, na ramani zake zote zilikuwa humo.

Kabla ya kufuta chochote nilifungua mipangilio ya simu, sehemu ya programu, nikachagua Maps na kutazama nafasi inayotumika. Ilikuwa GB 1.1 ya data ya mtumiaji, mbali na MB 90 za kashe. Kipimo hiki ndicho shahidi: kikisomwa kabla na baada, hakuna haja ya kukisia kama kufuta kumefanyika. Kisha nikarudi katika programu, nikagusa picha ya wasifu iliyo juu kulia na kuchagua `Offline maps`. Humo kulikuwa na maeneo matano: Mbeya pamoja na Rungwe na Kyela, Njombe na Makambako, Iringa, Dar es Salaam, na eneo moja kubwa alilolipakua kwa safari ya Morogoro ambayo haikufanyika.

Hatukuyafuta yote. Simu ingekaa Tukuyu, na mpwa wake mara nyingine hupanda pikipiki kwenda kumwelekeza dereva. Eneo la Mbeya na Rungwe lilikuwa na manufaa kwake, hata kama pasipo mtandao programu hutoa maelekezo ya gari tu, wala haitoi ya mtembea kwa miguu. Kwa yale manne mengine niligusa kwanza jina la kila eneo ili mstatili wake uonekane kwenye ramani. Hatua hii wengi huiruka, nami naiona ni ya lazima, kwa kuwa jina la eneo si mpaka wake: eneo lililoitwa Njombe lilianza karibu na Igawa, na mtu angeweza kulidhania kuwa sehemu ya lile la Mbeya. Tulipohakikisha, tuligusa nukta tatu kando ya kila moja na kuchagua `Delete`, tukathibitisha. Kazi yote haikuzidi dakika tatu. Data ya mtumiaji ikashuka kutoka GB 1.1 hadi MB 260.

Hapa ningependa kumwonya anayesoma kuhusu njia mbili za mkato katika mipangilio ya simu. `Clear cache` haiondoi maeneo yaliyopakuliwa. Huondoa mabaki ya muda tu, na mtu atashangaa mbona nafasi iliyopatikana ni ndogo. `Clear storage`, ambayo katika simu nyingine huandikwa `Clear data`, hufagia maeneo yote kwa pamoja bila kuuliza lipi libaki, lakini haifuti mahali palipohifadhiwa kwenye akaunti. Akaunti ikiunganishwa tena, alama zote hurudi juu ya ramani. Kwa aliyedhani kwamba amesafisha kila kitu kabla ya kumpa mtu simu, jambo hilo ni zito. Na kama maeneo yalikuwa yamewekwa kwenye kadi ya kumbukumbu, kuyafuta kutaongeza nafasi ya kadi, huku ile ya ndani ya simu ikibaki kama ilivyokuwa.

Jambo jingine ni lile la eneo kurudi baada ya kufutwa. Katika ukurasa uleule wa maeneo yaliyopakuliwa kuna alama ya gurudumu inayofungua mipangilio, na humo kuna uchaguzi wa kusasisha ramani zenyewe na uchaguzi wa kupakua zenyewe zile ambazo programu inazipendekeza. Wa kwanza tuliuacha ukiwa umewashwa kwa ajili ya eneo moja lililobaki, kwa sababu eneo lisiposasishwa muda wake huisha na halitumiki tena. Wa pili tuliuzima. Simu ikikaa mahali penye Wi-Fi huku uchaguzi huo ukiwa hai, inaweza kupakua eneo jipya usiku, na mwenye simu akadhani kwamba kufuta kulishindikana.

Kwa kweli GB moja pungufu iliyopatikana haikutosha kuiponya simu ile. Video za makundi ya WhatsApp zilikuwa zimeshika zaidi ya GB 9, na hizo ndizo zilizokuwa zikizuia picha za mizani. Ramani zilitajwa kwa sababu mama alikuwa anakumbuka kuzipakua, ilhali video zilijileta zenyewe. Tulizipunguza nazo, ingawa hilo haliko katika kisa hiki.

Ilibaki sehemu ya alama binafsi, na hapa ndipo ushauri wangu ulipotofautiana na alivyotarajia. Yeye alitaka tuzifute moja moja kwenye simu ya zamani: nyumbani, kazini, na nyota zake. Nilimweleza kwamba tukifanya hivyo tutarudia kosa la jana kwa mkono wetu wenyewe, kwa sababu simu mpya inatumia akaunti ileile na alama hizo zingeondoka huko pia. Iliyohitaji kuondoka katika simu ya zamani ni akaunti, wala si alama. Kufuta mahali kwenyewe kunafaa pale ambapo mtu hapahitaji tena popote: shamba lililouzwa, ghala lililofungwa. Hapo hufungua mahali hapo, hugusa neno `Saved` na kuondoa tiki kwenye kila orodha iliyomo, kwa kuwa mahali pamoja paweza kuwa katika orodha mbili, na tiki moja ikibaki alama nayo hubaki.

Kuondoa akaunti kwenye simu kuna gharama yake, nayo ilitupasa kuitazama kwa utulivu. Majina ya simu yaliyohifadhiwa kwenye akaunti huondoka pamoja nayo, na wakulima wengi walikuwa humo. Kwa hiyo tulihamisha majina hayo kwanza kwenda katika faili, tukaweka akaunti ya mpwa wake, tukayaingiza majina humo, kisha tukafungua namba kadhaa kuhakikisha zipo. Maeneo ya ramani yalikuwa yamekwisha kufutwa wakati huo, na mpangilio huo niliufuata kwa makusudi, ili kila nilichofuta nikifute nikiwa bado naona orodha aliyoizoea mwenyewe, naye akiwa kando yangu akiitikia. Ndipo tukaingia mipangilio, sehemu ya akaunti, tukaiondoa ya mama. Tulipofungua ramani kwa akaunti ya kijana hapakuwa na nyumba, kazi wala nyota yoyote. Kwenye simu mpya zote zilikuwepo. Tulitazama pia kama lile eneo la Rungwe linaonekana kwa akaunti yake, tukiwa tayari kulipakua upya kwa Wi-Fi ya jirani kama lisingeonekana.

Mwisho tukaitunga upya orodha ya mashamba kwenye simu mpya. Kila nukta tuliiandika katika kisanduku cha kutafutia kwa mpangilio wa latitudo kwanza, kisha mkato, kisha longitudo. Latitudo ya Rungwe huanza na alama ya kutoa, kwa kuwa tuko kusini mwa ikweta; mjini Tukuyu, kwa mfano, ni karibu na hapa:

```
-9.25, 33.65
```

Alama hiyo ikisahauliwa, nukta huruka hadi kaskazini ya ikweta, mbali kabisa na Tanzania, na hilo lilitupata mara moja kabla hatujaligundua kwa kuona ramani imehama ghafla.

Orodha mpya ilipokamilika tuliichukulia nakala siku hiyohiyo kwa takeout.google.com, tukichagua kipengele kinachoitwa `Saved` peke yake. Faili iliyotoka kwa kila orodha ni ya CSV, inayofunguka kama jedwali, ikiwa na safu za `Title`, `Note` na `URL`, na kwa alama zisizo na jina nukta yenyewe huwa ndani ya kiungo. Nilimchapishia karatasi moja ya jedwali hilo, naye akasema ataibandika ghalani nyuma ya mlango.

Madereva wote wawili walitumiwa kiungo kipya, safari hii wakiwa na ruhusa ya kutazama tu. Shamba la 14 liko ng’ambo ya Mwakaleli, kwa mzee mmoja asiye na simu ya kuperuzi. Dereva wa pili ndiye anayeikumbuka njia yake, na wamekubaliana kwamba akifika huko katika zamu ya Alhamisi atasimama getini, abonyeze skrini, na kumtumia mama nukta hiyo.